Mwongozo: kubadilishana zamu wodini na kukabidhi kazi ulizoziacha wazi

Ratiba ya mwezi ikishabandikwa ukutani, maswali ya manesi wapya hayakawii, nasi hapa nesi mwenzetu tunamwita yaya. "Yaya, nina matanga Jumatano, nani anichukulie?" "Nikishakubaliana na mwenzangu kwa simu, inatosha?" "Nikibadilisha, dawa za wagonjwa wangu nani anazifuata?" Maswali ni yaleyale kila mwezi, na mwaka ukiingia kwenye mvua hapa Lubumbashi yanazidi, kwa sababu malaria inajaza wodi ya watoto na kila mtu anataka kupumua kidogo. Nimeandika hapa jinsi tunavyofanya. Mfano wangu ni wodi ya watoto yenye zamu mbili: mchana 07:30 hadi 17:30, usiku 17:30 hadi 07:30. Kwenu saa zinaweza kuwa nyingine, utaratibu ni uleule.

Kuna jambo moja la kuelewa kabla ya hatua. Siku za kawaida unamkabidhi wa usiku, na kesho asubuhi yeye anakurudishia wewe. Kwa hiyo mambo mengi huyaandiki popote, unasema tu "hiyo nitaimaliza kesho". Ukibadilisha zamu, huyo wa kesho si wewe tena. Anaingia mtu ambaye pengine hajaiona wodi tangu Jumapili, naye anapokea kutoka kwa wa usiku, ambaye na yeye alikuwa anakusubiri wewe. Makabidhiano ya jioni ukiyafanya vizuri yatamfaa wa usiku. Yale ya "kesho" hayamo humo, na hayo ndiyo yanayopotea.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ratiba ya mwezi mzima, si ya wiki hiyo tu. Ipige picha.
- Mwenzako wa kiwango chako, anayeijua wodi hiyo. Nesi wa upasuaji wa watu wazima anaweza kuwa hodari kukushinda, lakini dozi za watoto wa kilo 6 hazihesabu kila siku.
- Daftari la wodi na fishi za wagonjwa wako wote.
- Karatasi moja safi. Moja tu, ukihitaji mbili ujue unaandika hadithi.
- Ruhusa ya mkuu wa wodi, au ya anayeshika nafasi yake.
- Siku mbili kabla, kama si msiba wala ugonjwa.

Hatua

1. Hesabu usingizi kwanza, halafu uombe.
Angalia ratiba ya pande zote mbili, yako na ya mwenzako, siku moja kabla na siku moja baada ya kila zamu inayohama. Kosa la kila siku ni hili: mwenzako anakubali kukuchukulia mchana wa Jumatano, kumbe Jumanne usiku ni zamu yake. Atatoka 07:30 na kuanza upya 07:30 hiyohiyo, saa 24 bila kulala, mkononi ana bomba la sindano. Akikwambia "usijali, nimezoea", wewe kataa na umtafute mwingine. Nalo deni lako ulihesabu vivyo hivyo: siku utakayomlipa isikukute umetoka usiku.

2. Omba kwa maneno yasiyo na mashimo.
"Nichukulie Jumatano nitakurudishia" ni mwanzo wa ugomvi. Andika pande zote mbili za mabadilishano, siku, tarehe na saa:

"Yaya, habari za kwako. Naomba tubadilishane. Wewe unichukulie mchana wangu wa Jumatano tarehe 12, 07:30 hadi 17:30. Mimi nikuchukulie mchana wako wa Ijumaa tarehe 14, 07:30 hadi 17:30. Ukikubali niandikie, nimpelekee shefu leo."

Jibu liwe la maandishi. "Sawa" peke yake haitoshi, kwa sababu inaweza kuwa "sawa nimekusikia". Mwambie arudie tarehe zote mbili. Hapohapo mkubaliane na habari ya pesa: kama kwenu posho ya zamu inafuata jina lililo kwenye ratiba, nani ataipokea? Maneno ya pesa yakisemwa mapema hayana aibu, mwisho wa mwezi ndipo yanapokuwa machungu.

3. Peleka kwa mkuu wa wodi, na jina libadilishwe ukutani.
Ujumbe wa simu ni makubaliano yenu wawili tu. Mpaka mkuu asaini na jina libadilishwe kwenye ratiba, zamu bado ni yako, na mtoto akizidiwa Jumatano jina litakaloitwa ni lako. Usifute jina la zamani kwa korekta. Piga mstari mmoja juu yake ili lisomeke, andika jipya pembeni, kisha saini na tarehe. Fanya hivyo kwenye siku zote mbili. Watu wengi wanabadilisha Jumatano na kuisahau Ijumaa, halafu Ijumaa wodi inakosa mtu au inajikuta na wawili.

Mjulishe pia nesi wa usiku wa Jumanne. Huyo ndiye wa katikati, na mara nyingi ndiye asiyeambiwa.

4. Pitia fishi zote na utoe kazi zilizo wazi.
Fanya hivi saa moja kabla ya kutoka, usingoje dakika tano za mwisho. Kitanda kwa kitanda, jiulize: kesho mchana ningekuwa hapa, ningemfanyia nini mtoto huyu? Majibu yako yataangukia kwenye mafungu matatu.

La kwanza ni kazi zenye saa: dozi, damu ya kupima tena, serumu ya kubadilisha. La pili ni kazi zinazosubiri kitu: majibu ya labo, mfuko wa damu, daktari aliyesema atapita. La tatu ni ahadi ulizotoa kwa mdomo, nalo ndilo gumu kwa sababu haliko kwenye fishi yoyote. Ulimwambia mama wa kitanda cha kwanza kwamba kesho utamsaidia kufuatilia karatasi ya kutoka. Ulimwambia baba fulani akuletee risiti ya labo wewe mwenyewe. Kesho watakutafuta kwa jina, wataambiwa haupo, na watakaa kwenye benchi hadi jioni.

5. Andika karatasi ya kazi wazi.
Kila mstari uwe na vitu vinne: kitanda, kazi, saa au kinachosubiriwa, na nani. Ukikosa kuandika nani, kazi itaonekana kuwa ya wote, na ya wote haifanywi na yeyote. Huu hapa mfano wa Jumanne jioni, wewe ukiwa unabadilisha Jumatano, na yaya akiwa ndiye mwenzako anayekuchukulia:

Kitanda 3. Mvulana, kilo 11, malaria kali. Artesunate ya mshipa 33 mg. Dozi ya 1 imetolewa Jumanne 14:00. Dozi ya 2 Jumatano 02:00: nesi wa usiku. Dozi ya 3 Jumatano 14:00: yaya. Baada ya hapo, akiweza kumeza, daktari aandike dawa ya kunywa ya siku 3.

Kitanda 6. Msichana, hemoglobini 4.1. Damu imeombwa Jumanne 16:00, mfuko haujafika. Nesi wa usiku apige benki ya damu 18:30. Usipofika kabla ya asubuhi: yaya amwambie daktari 07:45. Namba iliyo kwenye karatasi ya ombi imebadilishwa, sasa ni ya simu ya wodi.

Kitanda 8. Mtoto wa miezi 5, nimonia, oksijeni lita 1 kwa dakika kutoka kwenye mashine. Chupa ya akiba ina presha ya baa 60, HAITOSHI usiku mzima. Chupa nyingine imeombwa stoo Jumanne 16:30: nesi wa usiku aipokee.

Kitanda 1. Anatoka. Mama yuko Katuba kutafuta pesa iliyobaki, anarudi Jumatano asubuhi. Niliahidi kufuatilia karatasi: yaya. Mama ameambiwa amuulize yaya.

Tukae kidogo kwenye mistari hii.

Kitanda 3. Artesunate ya mshipa inatolewa saa 0, saa 12 na saa 24, na kwa mtoto aliye chini ya kilo 20 ni 3 mg kwa kila kilo, ndiyo maana 11 mara 3 ni 33. Saa zinahesabiwa kuanzia dozi ya kwanza ilipoingia kweli, si kuanzia zamu. Mtoto huyu amegawanyika kwa watu watatu: wewe dozi ya 1, wa usiku ya 2, yaya ya 3. Huwezi kumwandikia yaya tu "aendelee na artesunate". Atauliza ngapi zimeshaingia, na wewe uko matangani simu imezimwa.

Na saa ziandikwe kwa tarakimu kamili, 02:00, 14:00. Sisi tunaongea saa mbili kwa namna mbili. Mmoja akisema "saa mbili usiku" anamaanisha 20:00, mwingine anasoma 02:00 ya fishi na kuitamka "saa mbili" vilevile. Kati ya hizo mbili kuna saa sita, yaani nusu ya muda kati ya dozi na dozi. Mdomoni sema unavyopenda, ila kwenye karatasi usiandike "saa mbili".

Kitanda 6. Ombi la damu na sampuli za labo vinaondoka na jina lako na mara nyingi namba yako. Majibu yakitoka wanakupigia wewe, nawe umelala au uko kwenye gari la kwenda Likasi. Kabla ya kutoka, nenda au piga simu labo na benki ya damu, ubadilishe namba iwe ya wodi. Ni dakika tano.

Kitanda 8. Umeme wa SNEL ukikatika mashine ya oksijeni inazimika, na hadi jenereta iwake mtoto anategemea chupa. Kwa hiyo usiandike "chupa ipo". Andika inabaki saa ngapi. Hesabu ni nyepesi: ujazo wa chupa kwa lita, mara baa zilizobaki, gawanya kwa lita za kila dakika. Acha baa 20 bila kuzihesabu, hiyo ni akiba. Chupa ya lita 10 yenye baa 60: toa 20 zinabaki 40, mara 10 ni lita 400. Kwa lita 1 kwa dakika ni dakika 400, saa sita na dakika arobaini. Usiku wetu una saa 14. Mstari ule wa "HAITOSHI" ulitoka kwenye hesabu hii, na ndiyo uliofanya chupa ya pili iombwe 16:30 wakati mtu wa stoo bado yupo. Saa tatu usiku ungemwomba nani?

6. Kabidhi kitandani, si mezani.
Jioni yenyewe mpitie vitanda pamoja na wa usiku, karatasi mkononi. Mbele ya mtoto aone mwenyewe: serumu inadondoka au imesimama, mkono umevimba kwenye sindano au la, kidole kinasoma oksijeni ngapi. Mama wa mtoto asikie pia. Mwambie kabisa: "Mama, kesho mimi siko, atakuwepo yaya fulani, dawa ya mtoto ni 14:00." Mama huyo ndiye atakayekuwa macho saa hiyo ikifika.

Kisha wa usiku akurudishie kwa mdomo wake kazi zenye saa. Si mtihani. Akitaja mbili wakati ziko tatu, mtajua hapohapo ni ipi imepotea.

Kama damu imeanza kuingia na zamu inaisha, usikabidhi ndani ya dakika 15 za kwanza. Huo ndio muda wa kukaa pale, kwa sababu majibu mabaya makali ya mwili mara nyingi hujionyesha mapema. Subiri, pima joto, mapigo na pumzi baada ya dakika 15, andika, ndipo ukabidhi pamoja na saa mfuko ulipoanza, maana unatakiwa uishe ndani ya saa 4. Utachelewa taxi-bus ya kwanza. Ndivyo kazi ilivyo.

7. Funguo na dawa za kuhesabiwa.
Ufunguo wa kabati upite mkono kwa mkono. Diazepamu, fenobabitali na nyingine zilizo kwenye daftari lake mzihesabu wote wawili na kusaini. Ukiondoka na ufunguo mfukoni siku uliyobadilisha zamu, hautarudi kesho kama kawaida.

8. Tuma nakala kwa atakayekuchukulia, moja kwa moja.
Hatua hii watu wanairuka. Karatasi yenyewe inabaki kwenye daftari la wodi. Picha yake mtumie yaya Jumanne jioni, lakini kwanza funika majina ya watoto. Namba za vitanda zinatosha, siri ya mgonjwa haisafiri kwenye simu. Ongeza sentensi moja: "Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kitanda 6." Orodha inampa kila kitu kwa uzito mmoja, sentensi hiyo inamwambia aanzie wapi akifika. Asubuhi atalinganisha picha na anachoambiwa na wa usiku, na tofauti yoyote ataiuliza kabla wa usiku hajavua koti.

9. Ukirudi, pokea upya.
Ijumaa ukiingia kulipa deni, usichukulie kwamba wagonjwa ni walewale wa Jumanne. Kitanda 3 kinaweza kuwa na mtoto mwingine kabisa. Anza na fishi.

Makosa ninayoyaona sana

Kuandika "kuangalia" bila kusema nini. "Kuangalia kitanda 8" haina maana. "Oksijeni ya kidoleni ikishuka chini ya 90, mwite daktari" ina maana.

Kusaini dozi kabla ya kuitoa, eti ili uache fishi safi. Hapana, hata kama umeshaivuta kwenye bomba. Na usimwachie mwenzako bomba ulilojaza wewe. Yeye atoe alichochanganya mwenyewe.

Kubadilisha zamu iliyokwisha kubadilishwa. Wewe umempa yaya, yaya anampa wa tatu kimyakimya. Mnyororo huo ukikatika hakuna anayejua ulikatikia wapi. Akishindwa, arudi kwako na kwa mkuu.

Na kununua zamu. Kumlipa mtu pesa taslimu akufanyie zamu zako kila wiki si kubadilishana, na mkuu akigundua atafunga mlango kwa wodi nzima, hata kwa yule mwenye msiba wa kweli.

Mambo yakiharibika

*Atakayekuchukulia hajafika.* Wa usiku haondoki wodini mpaka kuna wa kumpokea. Anampigia yaya, anakupigia wewe, na ikifika 07:45 hakuna jibu anampigia mkuu wa wodi. Wewe nawe ukipigiwa, pokea. Kama jina halikubadilishwa ukutani, zamu ni yako na unatakiwa uje.

*Kisanduku cha dozi ya 02:00 ni kitupu kwenye fishi.* Yaya amefika 07:30, hajui kama ilitolewa ikasahaulika kuandikwa, au haikutolewa kabisa. Asitoe haraka "kwa usalama". Kwanza ampate wa usiku kabla hajafika langoni. Kisha ahesabu vichupa vya artesunate vilivyobaki kwenye sanduku la mtoto, na amuulize mama kama usiku alichomwa dawa kwenye mshipa. Ikithibitika haikutolewa, ampigie daktari aamue, na saa za dozi zinazofuata zihesabiwe upya kutoka dozi itakapoingia kweli. Kwenye fishi aandike saa ya kweli, asiandike 02:00.

*Majibu ya labo yamekupigia wewe nyumbani.* Usiyahifadhi hadi kesho, wala usimtumie mama wa mtoto. Piga simu ya wodi, soma namba, mwambie anayepokea azirudie, na muulize jina lake. Hemoglobini ya 4.1 ikisikika kama 9.1, hakuna atakayekimbilia damu.

*Mwenzako anasema hakukubali Ijumaa.* Mwonyeshe ujumbe na saini ya ukutani. Kama huna vyote viwili, fanya Ijumaa hiyo bila kelele na mwezi ujao uanze na hatua ya 2.

*Mkuu amekataa siku ileile.* Mara nyingi sababu ni moja: siku hiyo wodi ingebaki na wapya watupu. Mpelekee jina la mtu mwingine mwenye uzoefu badala ya kumwomba huruma. Akikataa tena, nenda kazini.